Homa na Maumivu ya Viungo Wiki Kadhaa Baada ya Kunywa Maziwa Mabichi: Kwa Nini Tushuku Bruselosi na Kwa Nini Tupime



Katika mazungumzo yetu ya leo tumechagua jambo moja tu miongoni mwa mengi yahusuyo maziwa, nalo ni homa inayokuja baada ya maziwa yenyewe kusahauliwa. Mtu akila chakula kilichoharibika usiku, akaumwa tumbo alfajiri, hahitaji mtu wa kumweleza chanzo. Lakini yupo mdudu wa maziwa mabichi ambaye hana haraka. Huingia mwilini kimya, hukaa wiki mbili, tatu, nne, na pengine miezi kadhaa, ndipo mwenye mwili aanze kuchemka jioni na kuumwa magoti. Wakati huo hakuna anayekumbuka kile kikombe cha maziwa, na kwa sababu hiyo mgonjwa hutibiwa maradhi asiyokuwa nayo.

Mdudu huyo ni bakteria aitwaye Brusela, na ugonjwa wake huitwa bruselosi. Wafugaji wengi wa Tanzania huufahamu kwa jina la ugonjwa wa kutupa mimba, kwa kuwa ndani ya zizi dalili yake kubwa ni ng'ombe au mbuzi kutoa mimba iliyokwisha kukua. Mnyama aliyeambukizwa hutoa vijidudu katika kondo, katika maji ya uzazi na katika maziwa. Jambo la kutilia maanani ni kwamba maziwa hayo hayabadiliki. Rangi ni ileile, harufu ni ileile, na ladha ni ileile. Kile kipimo anachotumbukiza mnunuzi ndani ya ndoo ili kujua kama maziwa yametiwa maji hakiwezi kumwonyesha Brusela. Mlaji hana njia ya kumtambua kwa macho, kwa pua wala kwa ulimi.

Historia ya ugonjwa huu inathibitisha jambo hilo. Mwaka 1887, katika kisiwa cha Malta, daktari wa jeshi la Kiingereza aitwaye David Bruce alimpata mdudu huyo katika mabandama ya askari waliokufa kwa homa isiyoeleweka. Hata hivyo njia yake ya kuingia mwilini haikujulikana hadi mwaka 1905, Themistocles Zammit alipomgundua kwa mbuzi wa kisiwani humo, ambao kwa macho walikuwa wazima kabisa na maziwa yao yakinywewa kila siku. Askari walipokatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, homa ikapungua mno miongoni mwao.

Ili jambo lieleweke, na tumfuate mtu mmoja wa mfano. Ni fundi seremala wa mjini Moshi, mwenye umri wa miaka 34, asiyefuga hata kuku. Alikwenda kijijini kwa wakwe zake katika shughuli ya harusi, akakaa siku nne. Kila asubuhi alikaribishwa maziwa yaliyotoka kukamuliwa, na jioni akapewa mtindi wa kwenye kibuyu. Alirudi mjini akiwa mzima, akaendelea na kazi.

Siku ya kumi na tisa alihisi baridi jioni, kisha joto, kisha usiku akatoka jasho hata shuka ikalowa. Asubuhi alikuwa na nafuu, akaenda kazini. Jioni homa ikarudi. Katika siku zilizofuata aliumwa kiuno, nyonga na goti la kulia, akapoteza hamu ya kula, na mwili ukawa mzito kama wa mtu aliyebeba magunia. Siku ya tatu alinunua dawa ya malaria dukani bila kupima. Mwisho wa wiki ya kwanza alikwenda zahanati. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha hana vimelea. Akapimwa damu kwa kipimo cha Widali, akaambiwa ana homa ya matumbo, akapewa siprofloksasini ya siku saba. Homa ikashuka, naye akafurahi. Siku tano baada ya kumaliza vidonge, homa ikarudi na nyonga ikamuuma zaidi, hata kupanda pikipiki ikawa taabu.

Tusimame hapa tutazame yaliyotokea, kwa maana ndiyo yanayowapata wengi. Kwanza, homa si malaria kila mara, hata pale malaria ilipozoeleka. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Zaidi ya nusu yao walidhaniwa kuwa na malaria, lakini vipimo makini vilionyesha kwamba waliokuwa nayo kweli walikuwa 14 tu. Miongoni mwa magonjwa yaliyobainika kwa wengine yalikuwamo yale yatokayo kwa wanyama, na bruselosi ikiwa mojawapo.

Pili, kipimo cha Widali kilichofanywa mara moja tu hakitoshi kuthibitisha homa ya matumbo. Kinaweza kuonyesha dalili ya ugonjwa uliopita zamani, au hata kosa. Tatu, siprofloksasini inaweza kumtuliza Brusela kwa muda pasipo kumwondoa. Vijidudu hivi hujificha ndani ya chembe zilezile za mwili zinazopaswa kuviua, na dawa ya siku saba haiwafikii wote. Nafuu ya namna hiyo humlaghai mgonjwa na mganga pia, kwa kuwa wote wawili hudhani ugonjwa ulikuwa ule uliotibiwa.

Katika wiki ya nne ya ugonjwa fundi wetu alikwenda kituo cha afya. Tabibu aliyempokea alimwuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa amemwuliza. Katika miezi miwili iliyopita, umekunywa maziwa yasiyochemshwa, au mtindi, au jibini ya kienyeji? Umesaidia mnyama kuzaa, au kuchinja, au kushika kondo? Je, nyumbani ulikokula maziwa kuna mnyama aliyetupa mimba? Fundi alikumbuka harusi. Alipopiga simu kwa shemeji yake, alielezwa kwamba ng'ombe mmoja alitupa mimba ya miezi saba muda mfupi kabla ya sherehe, na kwamba aliendelea kukamuliwa kama kawaida.

Sasa tunaweza kueleza kwa nini tabibu alishuku bruselosi. Hakushuku kwa sababu ya dalili moja. Homa peke yake ina sababu mia, na goti kuuma kuna sababu nyingine mia. Alishuku kwa kuwa mambo manne yalikutana kwa mtu mmoja. La kwanza ni homa iliyodumu zaidi ya wiki mbili, inayopanda jioni na kuambatana na jasho la usiku. La pili ni maumivu ya viungo vikubwa, hasa kiuno, nyonga na magoti. La tatu ni kwamba malaria ilipimwa ikakosekana, na dawa za kawaida zikaleta nafuu isiyodumu. La nne, ambalo ni kubwa kuliko yote, ni maziwa mabichi yaliyonywewa ndani ya muda unaolingana na mwendo wa ugonjwa. Kwa mwanamume, kuvimba na kuuma kwa korodani moja kungeongeza shaka. Kwa mwanamke mjamzito shaka hiyo yataka haraka zaidi, kwa kuwa ugonjwa unaweza kuharibu mimba.

Lakini shaka si uthibitisho, na hapa ndipo tunapowaomba mtusikilize kwa makini. Wapo wanaosema: kama dalili ni hizo na maziwa yalinywewa, kwa nini mtu asinunue tu dawa za bruselosi? Tunazo sababu tatu za kukataa.

Sababu ya kwanza ni kwamba yapo magonjwa mengine yanayofanana nayo. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huleta homa ya jioni, jasho la usiku na maumivu ya kiuno vilevile. Mojawapo ya dawa za bruselosi ni rifampisini, ambayo pia ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu. Mtu mwenye kifua kikuu akiimeza pasipo dawa zake nyingine, anaweza kuwazoesha vijidudu vya kifua kikuu dawa hiyo, na siku atakapoihitaji isimfae. Sababu ya pili ni urefu wa tiba. Tiba hii huchukua wiki sita, nayo ina madhara yake; haifai kumbebesha mtu mzigo huo kwa kubahatisha. Sababu ya tatu ni kwamba bruselosi isiyotibiwa vyema huweza kukaa katika mifupa ya uti wa mgongo, na mara chache katika vali za moyo. Hiyo ya moyo, ijapokuwa ni adimu, ndiyo inayoua zaidi. Yafaa basi kuijua kwa hakika.

Kipimo kinachoanziwa katika vituo vingi kinaitwa Rozi Bengali. Hutolewa damu kidogo mkononi, ikaachwa hadi majimaji yake yajitenge. Tone la majimaji hayo huchanganywa na tone la dawa yenye rangi ya waridi juu ya kigae cheupe, kikatikiswa polepole kwa dakika nne. Mchanganyiko ukibaki laini, kipimo ni hasi. Ukigandana vipande vidogo vidogo, ni chanya. Hakihitaji mashine kubwa, na jibu hupatikana mgonjwa akingali kituoni.

Hata hivyo kipimo hiki kina mipaka ambayo mlaji anastahili kuijua. Hakimwoni mdudu mwenyewe. Huona kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza kupambana naye. Askari hao huweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya vita kwisha. Kwa hiyo mfugaji, mchinjaji au mtaalamu wa mifugo anaweza kuwa na kipimo chanya kwa sababu alikutana na Brusela zamani, ilhali homa yake ya leo ina chanzo kingine. Vipo pia vijidudu vingine vinavyofanana na Brusela kiasi cha kudanganya kipimo. Na kwa upande wa pili, mtu aliyepimwa siku za mwanzo za ugonjwa anaweza kupata hasi kwa kuwa mwili bado haujawatengeneza askari wa kutosha. Huyo, homa ikiendelea, apimwe tena baada ya wiki mbili.

Kwa sababu hizo jibu chanya la kwanza lataka kuthibitishwa, hasa pale mgonjwa anapoishi na mifugo siku zote. Njia mojawapo ni kupima damu hiyo kwa hatua, ikizimuliwa mara nyingi zaidi na zaidi, ili kuona kingamwili zina wingi gani. Mara nyingi kiwango cha 1:160 au zaidi, kwa mtu mwenye dalili, huhesabiwa kuwa uthibitisho mzuri. Kinachosadikisha zaidi ni vipimo viwili vilivyopishana wiki mbili au zaidi, endapo kiwango cha pili kimepanda mara nne kuliko cha kwanza. Njia yenye hakika kuliko zote ni kumwotesha mdudu kutoka katika damu, lakini huchukua siku nyingi, yahitaji maabara yenye ulinzi maalumu, na hushindwa mara nyingi kwa mgonjwa aliyekwisha kumeza antibiotiki. Ndiyo maana twasema: mweleze tabibu dawa zote ulizotumia, hata zile za kununua dukani, na usianze nyingine kabla damu haijatolewa.

Tutoe pia tahadhari juu ya vipimo vingine vya haraka vya kugandisha damu ambavyo vimeenea katika maabara ndogo za ukanda wetu. Utafiti uliofanywa katika vituo vya tiba vya magharibi mwa Kenya, ukachapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba kipimo cha namna hiyo kilikosea sana. Wagonjwa wengi walioambiwa wana bruselosi hawakuwa nayo, na baadhi ya waliokuwa nayo hakikuwaona. Kwa hiyo mlaji anayelipia kipimo anayo haki ya kuuliza: kipimo hiki kinaitwaje, na je, kipo cha kuthibitisha? Aombe jibu kwa maandishi, lenye jina la kipimo, tarehe na kiwango kilichopatikana, kisha alitunze. Neno "chanya" peke yake kwenye kikaratasi halitoshi.

Fundi wetu alipata chanya kwa Rozi Bengali. Damu yake ikapelekwa hospitali ya mkoa, na kiwango kikarudi 1:320. Makohozi na picha ya kifua havikuonyesha kifua kikuu. Ndipo tabibu akaanza tiba: doksisaiklini ya miligramu 100 asubuhi na jioni, pamoja na rifampisini mara moja kwa siku, kwa wiki sita. Wagonjwa wengine, badala ya rifampisini, huchomwa sindano za streptomaisini kwa wiki mbili hadi tatu, au za jentamaisini kwa siku saba hadi kumi, huku wakiendelea na doksisaiklini. Dawa moja peke yake haitoshi, kwa kuwa ugonjwa hurudi. Watoto walio chini ya miaka minane na wajawazito hupewa mpango mwingine, kwa hiyo dawa za mtu mzima wa nyumbani zisigawanywe kwao.

Wiki sita ni siku 42, na doksisaiklini mbili kwa siku ni vidonge 84. Tunazitaja hesabu hizi kwa makusudi, ili mgonjwa azihakiki dukani. Homa ya fundi ilikoma ndani ya wiki ya kwanza, na mtihani mgumu ukaanzia hapo. Alibaki na siku thelathini na zaidi za kumeza vidonge akiwa hajisikii mgonjwa. Anayeacha hapo hujikuta mara nyingi akirudi kulekule baada ya miezi michache. Hata miongoni mwa wanaomaliza dawa, wapo wachache ambao ugonjwa huwarudia, kwa hiyo homa au maumivu yakianza tena ndani ya mwaka mmoja, arudi kituoni na karatasi zake. Ajue pia kwamba rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, jambo lisilo na madhara, na kwamba hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi, jambo ambalo mwanamke anapaswa kulizungumza na mhudumu.

Ugonjwa huu ni nadra mno kupita kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo mgonjwa hahitaji kutengwa wala kutengewa vyombo. Wanaopaswa kutafutwa ni wale walioshiriki maziwa yale. Mke wa fundi alikunywa chai ya maziwa tu, nayo ilikuwa imechemka, akawa salama. Shemeji mmoja alikuwa na homa ya jioni na maumivu ya mgongo kwa muda, akidhani ni uchovu wa shamba. Naye alipelekwa kupimwa. Ng'ombe aliyetupa mimba alipaswa kutolewa taarifa kwa ofisa mifugo wa kata, kondo na ndama mfu wafukiwe na mtu aliyevaa glavu, na maziwa yasiuzwe wala kunywewa mabichi.

Yabaki maneno machache juu ya maziwa yenyewe. Joto humwua Brusela bila shida. Viwandani maziwa hupashwa hadi nyuzi 72 za selsiasi kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa nusu saa, na hayo yanatosha. Nyumbani ambako hakuna kipimajoto, yachemsheni hadi yatokote kweli, siyo kupanda povu tu, mkiyakoroga kwa dakika moja au mbili. Jokofu halimwui, humhifadhi. Uchachu wa mtindi nao si wa kutegemewa, kwa maana Brusela anaweza kuishi siku kadhaa katika maziwa yaliyoganda.

Anayependa mtindi hahitaji kuuacha. Achemshe maziwa kwanza, yapoe hadi yawe vuguvugu, ndipo atie kianzio. Na hapa kuna kosa dogo linaloharibu kazi yote: kianzio kikiwa ni kijiko cha mtindi uliotokana na maziwa mabichi, au kibuyu kikiwa ni kile kilichobeba maziwa mabichi jana, vijidudu vimerudishwa ndani ya maziwa yaliyokwisha kusafishwa. Kianzio kitoke katika mtindi wa kiwandani au uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, na chombo kioshwe kwa maji yanayochemka. Mnapoununua kwa muuzaji, mwulizeni kama maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Asipoweza kujibu, jibu lake mmeshalipata.

Basi ndugu zetu, homa ikipita wiki moja na viungo vikaanza kuuma, rudisheni kumbukumbu nyuma wiki nne, wiki nane, hata zaidi. Mkikumbuka maziwa mabichi, msingoje mhudumu awaulize. Mtamkieni wenyewe, kisha ombeni kupimwa.